Kioo Kinachozima Kabla Hujamaliza Kusoma

Simu ya Android haizimi kioo chake ghafla. Kwanza hukififisha: mwanga unashuka kwa sekunde chache, maandishi bado yanaonekana kwa mbali, na ukigusa popote mwanga unarudi na hesabu inaanza upya. Katika Android ya kawaida, kipindi hicho cha kufifia ni asilimia 20 ya muda uliopangwa, ila hakizidi sekunde 7. Simu iliyopangwa kuzima baada ya sekunde 15 inafifia sekunde 3 za mwisho. Ya sekunde 30 inafifia 6. Kuanzia dakika moja kwenda juu, kufifia ni sekunde 7 tu.

Nimeanza na jambo hili dogo kwa sababu ndilo linalotenganisha matatizo ambayo watu wote huyaita kwa jina moja. Mtu anasema simu yake inazima kioo upesi, anaambiwa betri imechoka, kesho yuko dukani anaulizia bei ya simu mpya. Kabla ya yote hayo, itazame inavyozima. Kama kioo kinafifia kwanza ndipo kinakuwa cheusi, kilichokizima ni saa ya ndani ya simu, na saa hiyo unaipanga mwenyewe. Kama kinakuwa cheusi papo hapo bila kufifia, kuna kitu kingine kimeiambia simu izime. Na kama hakiwi cheusi kabisa bali kinapungua mwanga na kubaki hivyo, hilo ni suala la mwangaza, na muda hauhusiki.

Mtaani kwetu yupo fundi cherehani anayefanya kazi kwenye kibaraza cha nyumba yake. Wateja humtumia picha za mishono kwa WhatsApp. Huiweka simu juu ya meza ya cherehani, anatazama picha, anachora kwa chaki kwenye kitambaa, anatazama tena, anakata. Tabu yake ilikuwa kwamba kila alipoinua macho kutoka kwenye kitambaa, kioo kilikuwa cheusi. Mkono mmoja una mkasi, mwingine umeshika kitambaa kisisogee, na simu inataka namba ya siri. "Mdogo wangu, hii simu inanipotezea siku nzima," aliniambia, na alikuwa amekwisha kuanza kuweka fedha pembeni anunue nyingine.

Tuliipima kwanza. Njia ya kupima ni kufungua ukurasa wowote wa Mipangilio, ambao kwenye simu iliyopangwa kwa Kiingereza unaitwa Settings, kisha kuiacha simu mezani bila kuigusa huku ukihesabu kwa saa nyingine. Usipime ukiwa kwenye video, kwa sababu programu inayocheza video huiomba simu isizime kioo, na simu hutii. Ndiyo maana mtu anaweza kuangalia mpira dakika 45 bila kugusa, kisha akafungua waraka wa kurasa 3 na kioo kikamzimikia kabla ya kumaliza ukurasa wa kwanza. Simu haina kasoro yoyote hapo, ni kwamba programu nyingi za kusomea haziombi.

Simu ya fundi ilianza kufifia karibu na sekunde ya 24 na ikazima kwenye sekunde ya 30. Basi ni saa. Tukaingia Settings, tukagusa Display, tukashuka hadi Screen timeout. Simu iliyo kwa Kiswahili huonyesha maneno yanayofanana na "muda wa skrini kujizima", na watengenezaji wengine huuita Sleep au Auto screen off, lakini karibu zote huuweka ndani ya sehemu ya kioo au onyesho. Usipouona, juu ya Mipangilio kuna alama ya kutafuta. Andika timeout utaletewa. Orodha inayofunguka huanza na sekunde 15, halafu 30, dakika 1, 2, 5 na 10, na baadhi ya simu zinafika dakika 30. Tuliweka dakika 5.

Siku iliyofuata asubuhi kazi ilienda vizuri. Alasiri akaniita: imerudia tabia yake ya zamani. Nikaangalia alama ya betri pale juu, na ilikuwa imebadilika rangi. Simu ilikuwa imeingia yenyewe kwenye hali ya kuokoa betri, Battery Saver, kwa sababu chaji ilikuwa imeshuka kufikia kiwango kilichopangwa. Kwenye simu za watengenezaji kadhaa, hali hiyo hufupisha muda wa kioo hadi sekunde 30 au hata 15 bila kujali ulichochagua, na mara nyingi inapunguza na mwangaza pia. Kwenye iPhone jambo hili liko wazi zaidi: ukiwasha Low Power Mode, sehemu ya Auto-Lock iliyo ndani ya Settings, Display & Brightness inajifunga kwenye sekunde 30 na maandishi yake yanakuwa ya kijivu, hugusi kitu hadi uizime hali hiyo.

Kwa hiyo mtu aliyebadilisha muda na hauoni ukifanya kazi aanzie kwenye betri. Fungua Settings, Battery, uone kama hali ya kuokoa imewashwa moja kwa moja au imepangwa kuwaka kwenye asilimia fulani. Baadhi ya simu hukuruhusu kuibakiza hali hiyo huku ukiondoa alama kwenye kipengele cha kufupisha muda wa kioo, na hapo unapata vyote viwili. Fundi wetu simu yake ilikuwa na nafasi hiyo. Tuliondoa alama hiyo moja, tukaacha mengine yaendelee kumtunzia chaji.

Kuna sababu nyingine ya muda kukataa kubadilika, nayo inawapata walioweka barua pepe ya kazini kwenye simu zao, na wenye simu zinazosimamiwa na mwajiri. Ofisi inaweza kuweka kikomo cha muda ambao simu inaruhusiwa kukaa wazi. Ukiingia kwenye orodha utakuta chaguo za muda mrefu hazipo, au zipo lakini kuna maelezo kwamba msimamizi amezizuia. Hapo hakuna ujanja wa kwenye Mipangilio. Ni kuzungumza na wanaosimamia simu za ofisi, au kuiondoa akaunti hiyo kwenye simu yako binafsi.

Sasa, muda gani unafaa? Wengi wakishajua njia hukimbilia kilicho kirefu kuliko vyote, na hapo mimi huwazuia. Kioo ndicho kinachokula chaji kwa wingi katika matumizi ya kawaida, lakini chaji si hoja yangu kubwa. Kioo kilichobaki wazi dakika 10 juu ya meza ya kibarazani ni ujumbe wako wa benki, picha za wateja na mazungumzo yako yote yakiwa mikononi mwa yeyote apitaye. Kwa mtu wa kawaida, dakika 1 au 2 zinatosha kusoma bila kusumbuliwa. Anayehitaji 5 au 10 kwa ajili ya kazi ajizoeze kubonyeza kitufe cha pembeni kila anapoinuka.

Ikiwa kinachokuudhi ni namba ya siri, na kioo kuzima hakikusumbui, vipo vitu viwili tofauti humo na vinapangwa tofauti. Katika sehemu ya usalama, pembeni ya Screen lock, simu nyingi za Android zina alama ya gurudumu la meno. Ndani yake unachagua simu ijifunge muda gani baada ya kioo kuzima: papo hapo, sekunde 5, sekunde 30, dakika moja na kuendelea. Ukiweka sekunde 30, kioo kikizima na ukakiwasha mara moja, hudaiwi namba. Hakikisha tu kipengele cha kitufe cha pembeni kufunga papo hapo kimewashwa, ili ukiamua kuifunga mwenyewe ifunge kweli.

Baadhi ya simu zinajua kama unazitazama. Kwenye Pixel kipengele hicho kinaitwa Screen attention, na kimo ndani ya Screen timeout. Samsung wanakiita Keep screen on while viewing. Kamera ya mbele inatafuta uso wako, na ikiuona, kioo hakizimi. Kwa msomaji wa magazeti ya simuni kinafaa sana. Kwa fundi hakikufaa, kwa sababu macho yake yako kwenye kitambaa na simu imelala chali ikitazama dari. Kinashindwa pia gizani.

Kilichomfaa zaidi siku za kazi nyingi ni kipengele kilichofichwa kwenye sehemu ya wataalamu. Ingia Settings, About phone, tafuta Build number (kwenye Samsung iko ndani ya Software information), iguse mara 7 mfululizo. Simu itakujulisha kwamba sehemu iitwayo Developer options imefunguka. Ndani yake kuna Stay awake: ukiiwasha, kioo hakizimi kabisa wakati simu iko kwenye chaji, na ukichomoa waya inarudi kwenye muda wako wa kawaida. Fundi ana soketi karibu na cherehani, kwa hiyo akichomeka simu picha inabaki wazi mpaka amalize kukata. Usiguse kitu kingine humo ndani, maana mengi yanaweza kuiharibia simu mwenendo wake. Na kama kioo chako ni cha aina ya AMOLED, usikiache kikionyesha picha ileile kwa saa nyingi siku hadi siku, kwa sababu kinaweza kubaki na kivuli chake.

Tuje kwa kioo kinachokuwa cheusi papo hapo. Kikitokea wakati wa kupiga simu, kwa kawaida ni kazi ya sensa ya ukaribu, iliyo karibu na spika ya sikioni. Nyingi hutoa mwanga usioonekana na kupima unaorudi. Shavu likikaribia, mwanga unarudi kwa wingi, simu inazima kioo ili shavu lisibonyeze kitu. Ukiitoa sikioni kioo kinatakiwa kuwaka. Kisipowaka, na ukawa huwezi hata kukata simu, mara nyingi kilichokosewa ni protekta: imebandikwa ikapita juu ya sensa, au ina ukingo mweusi usio na tundu pale juu, au jasho na vipodozi vimejikusanya chini yake. Futa sehemu hiyo kwa kitambaa laini, piga simu, kisha funika na kufunua kwa kidole. Ikiendelea, bandua protekta kabla ya kumlipa fundi afungue simu.

Kikizima ghafla nje ya simu, fikiria sumaku. Tableti nyingi na baadhi ya simu zina sensa ya kutambua sumaku, iliyokusudiwa kava za kufunika: kava likifungwa, kioo kinazima. Sumaku ya mkoba, ya kishikio cha gari, au kile kisahani cha sumaku ambacho mafundi cherehani hukusanyia pini, inaweza kufanya kazi ileile. Isogeze simu mahali pengine uone.

Kuhusu mwangaza, ushauri unaozunguka ni kwamba uzime mwangaza wa kujirekebisha kwa sababu unasumbua. Siukubali, hasa kwa watu wanaofanya kazi nje. Chumbani mchana mwanga ni wa mamia machache ya kipimo kiitwacho luksi. Chini ya jua la saa sita unafika takribani laki moja. Hakuna mstari wa mwangaza utakaousogeza kwa mkono ukakufaa pote pawili. Zaidi ya hapo, simu nyingi zina nguvu ya ziada ya mwanga iliyotengwa kwa ajili ya jua, na haifunguki kwa kuvuta mstari hadi mwisho: inafunguka pale tu mwangaza wa kujirekebisha umewashwa na sensa imeona jua. Mtu aliyeuzima kwa sababu haoni kitu nje anaweza kuwa ameizima dawa yenyewe.

Kwenye Android uko ndani ya Display kwa jina Adaptive brightness. Tangu Android 9 ya mwaka 2018, kipengele hiki kinajifunza. Kila unapousogeza mstari wa mwangaza huku kimewashwa, simu inakumbuka kwamba kwenye mwanga wa kiasi hiki huyu anapenda kioo hivi. Kwa hiyo kikikosea, usikizime. Kisahihishe kwa kusogeza mstari pale pale ulipo, na ufanye hivyo kwa siku kadhaa. Kwenye iPhone kimewekwa mbali na mwangaza wenyewe, ndani ya Accessibility, Display & Text Size, chini kabisa kwa jina Auto-Brightness. Wengi hukitafuta kwenye sehemu ya kioo na kukikosa.

Kioo kinachobaki hafifu hata ukivuta mstari hadi mwisho kina sababu chache za kuangalia. Ya kwanza ni hali ya kuokoa betri, tuliyokwisha kuiona. Ya pili ni Extra dim, iliyokuja na Android 12 mwaka 2021 kwa ajili ya wanaosoma gizani. Inashusha mwanga kupita kiwango cha chini cha kawaida, na kwa kuwa kitufe chake kinaweza kukaa kwenye vile vya mkato vinavyoshuka kutoka juu, mtoto anaweza kukigusa bila mtu kujua. Ya tatu ni joto. Simu iliyolala juani hupunguza mwanga wa kioo kwa nguvu ili ijilinde, na haikuombi ruhusa. Dalili yake ni mgongo wa simu kuwa wa moto na mwanga kurudi wenyewe ukishaihamishia kivulini. Usiitie kwenye jokofu, maana unyevu unaweza kuganda ndani yake. Toa kava, ichomoe kwenye chaji, iache ipoe taratibu.

Sensa ya mwanga nayo iko juu, karibu na kamera ya mbele au chini ya kioo. Kwenye Samsung nyingi unaweza kuiona ikifanya kazi: fungua sehemu ya kupigia simu, andika

```
*#0*#
```

kisha gusa Sensor. Katika tarakimu zinazotokea utaona Light Sensor. Funika sehemu ya juu ya simu kwa kiganja, namba inashuka. Ielekeze dirishani, inapanda. Isipobadilika kabisa, sensa imefunikwa au imekufa, na hapo kweli ni afadhali kutumia mstari wa mkono.

Limebaki la kioo kugeuka. Wateja wengine walimtumia fundi picha zilizolala ubavu, gauni likiwa limelala, na kila alipoizungusha simu ili alisimamishe, picha nayo iligeuka ikalala tena. Simu inajua imesimama au imelala kwa sensa inayopima mvuto wa ardhi unavuta upande gani. Ukiizungusha, inageuza kila kilichomo ili kifuate juu na chini ya dunia. Picha iliyopigwa vibaya nayo inafuata, ikiwa na ubovu wake. Kuna njia mbili. Ya haraka ni kuteleza kidole kutoka juu kushuka na kugusa Auto rotate ili izime; kioo kinajifunga kwenye wima, na sasa ukiizungusha simu, gauni linasimama. Ya kudumu ni kufungua picha kwenye hifadhi ya picha, kugusa Edit, kuizungusha na kuihifadhi.

Sensa hiyo ndiyo sababu simu iliyolazwa chali mezani haigeuki hata ukiizungusha mara kumi. Mvuto unapita mgongoni mwake, na kwa mtazamo wa sensa hakuna upande wa juu uliobadilika. Iinue kidogo, igeuze, kisha ilaze. Kwa anayesoma amelala kitandani kwa ubavu, tatizo ni kinyume: uso wake umelala, simu imelala, lakini mvuto haujalala, hivyo maandishi yanageuka asivyotaka. Azime Auto rotate. Tangu Android 9, ukiwa umeizima na ukaigeuza simu, kwenye kona ya chini ya kioo hujitokeza kitufe kidogo chenye mishale ya kuzunguka na kukaa sekunde chache. Ukikigusa kioo kinageuka, usipokigusa kinabaki kilivyo. Wengi hawajakigundua, nami naona ndiyo namna nzuri kuliko zote: mgeuko unatokea ukiutaka tu. Kwenye iPhone, kitufe cha kufunga kioo kwenye wima ni chenye picha ya kufuli iliyozungukwa na mshale, ndani ya Control Center.

Kabla ya kusema sensa imeharibika, jaribu kwenye kivinjari cha intaneti au hifadhi ya picha. Ukurasa wa nyumbani wa simu nyingi haugeuki mpaka uuruhusu kwenye mipangilio yake, na programu nyingi za benki na za fedha za simu zimetengenezwa kwa wima tu. Kama kivinjari nacho hakigeuki huku Auto rotate imewashwa, zima simu na kuiwasha upya. Ikikataa hata hapo, video bado unaweza kuitazama kwa upana: kitufe cha kujaza kioo kilicho pembeni ya video ya YouTube hugeuza picha chenyewe, bila kuitegemea sensa.